Elektrolisisi ya Mrututu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya mwanafunzi wa kemia wa Kidato cha Tatu na kuendelea, pamoja na mwalimu anayemsimamia maabarani. Nimechagua bika moja tu, lenye maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili yanayowaangusha wengi: ni kitu gani kitatokea kwenye kila elektrodi, na ni gramu ngapi za shaba zitaganda. Maswali hayo yana utaratibu wake. La kwanza lijibiwe kabla ya la pili. Anayekimbilia kikokotoo kabla ya kujua kinachotokea atapata namba nzuri ya kitu ambacho hakikutokea.

Fanya: orodhesha kila kilichomo kwenye bika, maji yakiwemo.

Ukiulizwa mrututu ulioyeyushwa una nini, usijibu "shaba na salfeti" ukanyamaza. Ndani yake mna ioni za shaba, Cu²⁺, zenye rangi ya buluu. Mna ioni za salfeti, SO₄²⁻. Na mna maji, ambayo ndiyo mengi kuliko vyote. Maji huchangia ioni kidogo za haidrojeni, H⁺, na za haidroksidi, OH⁻. Kama umeongeza tindikali ya salfuriki ili umeme upite vizuri, basi H⁺ zimekuwa nyingi.

Ziandike zote kwenye karatasi, katika safu mbili. Zenye chaji chanya zitavutwa kwenye kathodi, zenye chaji hasi zitavutwa kwenye anodi. Sasa una mashindano mawili mbele yako: kwenye kathodi Cu²⁺ inashindana na H⁺, na kwenye anodi SO₄²⁻ inashindana na OH⁻. Mwanafunzi aliyesahau maji haoni mashindano yoyote. Kwake shaba inakwenda huku na salfeti inakwenda kule, na ndipo anapoandika kwamba kwenye anodi hutoka gesi ya salfeti. Hakuna gesi ya namna hiyo.

Usifanye: usibebe alama za betri ukazileta kwenye elektrolisisi.

Katika seli kavu ya tochi, kathodi ndiyo upande chanya. Katika elektrolisisi, kathodi imeunganishwa na upande hasi wa chanzo cha umeme. Hili limewakosesha alama watu wenye akili timamu kabisa, na tiba yake ni kuacha kushikilia alama na kushikilia kazi. Kathodi ni mahali ambapo elektroni hupokelewa, na anodi ni mahali ambapo elektroni hutolewa, iwe katika betri au katika bika. Kazi hiyo haibadiliki hata siku moja. Fuata waya kutoka upande hasi wa chanzo: elektroni zinatoka huko, kwa hiyo elektrodi iliyopo mwisho wa waya huo ndiyo itakayozigawa kwa ioni za shaba. Hiyo ndiyo kathodi yako. Iwekee alama kwa kipande cha karatasi kabla hujawasha swichi.

Fanya: amua mshindi wa kathodi kwa mfuatano wa metali, kisha hakikisha kwa macho.

Shaba iko chini ya haidrojeni katika mfuatano wa utendaji, maana yake inapokea elektroni kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kwenye kathodi Cu²⁺ inashinda:

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Utaona utando wa rangi ya waridi iliyoiva ukitanda kwenye kathodi, bila povu. Kama ungeweka chumvi ya sodiamu, ya kalsiamu au ya aluminiamu, mshindi angekuwa haidrojeni, na ungeona viputo. Ndiyo sababu hakuna anayepata aluminiamu kwa kuyeyusha chumvi yake kwenye maji. Lazima oksidi yake iyeyushwe ndani ya kriolaiti ya moto, penye joto la karibu nyuzi 950 za Selsiasi, mahali ambapo maji hayapo kabisa.

Sasa, ukiona viputo kwenye kathodi ya mrututu, usiseme "ni kawaida". Si kawaida. Haidrojeni imeanza kushinda mahali ambapo haikupaswa kushinda, na kila elektroni iliyochukuliwa na haidrojeni ni elektroni ambayo shaba haikuipata. Sababu huwa moja kati ya mbili: mkondo ni mkubwa mno kwa ukubwa wa kathodi, au shaba imepungua sana ndani ya maji. Zote mbili nitazirudia, kwa sababu ndizo zinazoharibu hesabu.

Usifanye: usitamke kinachotokea kwenye anodi kabla ya kuuliza anodi imetengenezwa kwa nini.

Hapa ndipo bika moja linageuka kuwa mabika mawili tofauti kabisa.

Weka fimbo za kaboni. Kaboni haina hamu ya kuyeyuka, kwa hiyo elektroni lazima zitolewe na kitu kilichomo kwenye maji. Salfeti inashikilia elektroni zake kwa nguvu, kwa hiyo maji ndiyo yanayozitoa. Vitabu vingi vya sekondari huandika hivi:

4OH⁻ → 2H₂O + O₂ + 4e⁻

Katika maji yenye tindikali, OH⁻ ni chache mno, na ni sahihi zaidi kuandika hivi:

2H₂O → O₂ + 4H⁺ + 4e⁻

Mlinganyo wowote utakaouandika, gesi ni oksijeni na elektroni ni nne kwa kila molekuli moja ya oksijeni. Kijiti kinachofuka kikiwekwa kwenye gesi hiyo huwaka upya. Angalia pia rangi ya maji. Shaba inatoka na haina mbadala, kwa hiyo buluu inafifia, na H⁺ zinabaki na salfeti. Ukiendelea muda mrefu, bika lililoanza na mrututu linaishia na tindikali ya salfuriki.

Sasa ondoa kaboni, weka vipande viwili vya shaba. Anodi ya shaba yenyewe inatoa elektroni kwa urahisi kuliko maji:

Cu → Cu²⁺ + 2e⁻

Hakuna kiputo kwenye anodi, hakuna oksijeni. Anodi inaliwa, kathodi inanenepa, na kila ioni ya shaba inayoganda upande mmoja inajazwa na nyingine kutoka upande wa pili. Rangi ya buluu haibadiliki. Swali likikuambia "rangi ya mmumunyo haikubadilika", limekupa jibu la anodi bila wewe kuliomba. Soma maneno hayo kwa makini kama unavyosoma namba.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona watahiniwa wakijibu "oksijeni" kwa kila swali la mrututu, kwa kukariri. Swali linapotaja elektrodi za shaba, jibu hilo ni kosa tupu, na hesabu ya ujazo wa gesi inayofuata ni kosa la pili lililozaliwa na la kwanza.

Usifanye: usiugeuze mfuatano kuwa sheria isiyo na udhuru.

Mfuatano unakuambia nani anatangulia pale hali zinapolingana, lakini ndani ya bika hali hazilingani. Mfano ulio wazi ni chumvi ya mezani. Ukiyeyusha kidogo sana ndani ya maji mengi, anodi ya kaboni hutoa zaidi oksijeni. Ukiyeyusha nyingi hadi maji yakaribie kushiba, hutoka klorini, ingawa kwa mfuatano mtupu maji yalipaswa kutangulia. Sababu ni mbili zinazoshirikiana: kloridi zimejaa pale kwenye anodi, na oksijeni ni nzito kuundwa juu ya kaboni, inahitaji msukumo wa volti wa ziada kabla haijatoka.

Basi swali likiandika "mmumunyo mzito" au "mmumunyo hafifu", usilipite neno hilo. Na kwa jaribio la klorini, usilifanye kwenye chumba kilichofungwa. Kiasi kidogo kinatosha kuonyesha kwamba karatasi ya litmasi yenye unyevu inapauka. Baada ya hapo zima umeme na fungua madirisha. Klorini inachoma mapafu.

Fanya: andika mlinganyo nusu kabla ya namba yoyote.

Hii ndiyo amri kubwa kuliko zote katika ukurasa huu. Michael Faraday alichapisha kanuni zake mwaka 1834, na kiini chake ni kwamba kiasi cha kitu kinachopatikana kwenye elektrodi kinategemea chaji iliyopita. Chaji ni elektroni zilizohesabiwa kwa mkupuo. Moli moja ya elektroni hubeba takriban kulombu 96,500, na hiyo ndiyo namba utakayopewa kwenye mtihani. Kwa hiyo umeme unakuambia ni moli ngapi za elektroni zimepita, lakini ni mlinganyo nusu pekee unaokuambia elektroni hizo zimetengeneza moli ngapi za shaba. Bila huo, huna daraja la kukuvusha.

Ioni moja ya Cu²⁺ inahitaji elektroni 2. Ioni moja ya fedha, Ag⁺, inahitaji 1. Ioni ya aluminiamu, Al³⁺, inahitaji 3. Namba hiyo inatoka kwenye mlinganyo, haitoki kwenye kumbukumbu wala kwenye fomula ya chumvi. Mtu anayejua kwamba "kuna kugawa kwa mbili mahali fulani" atagawa kwa mbili hata kwenye fedha.

Fanya: pita hatua nne, na usiruke hata moja.

Chukua kisa hiki. Mwanafunzi amepitisha mkondo wa ampea 0.50 kwa dakika 40 kupitia mrututu, kwa fimbo ya kaboni kwenye anodi na kipande chembamba cha shaba kwenye kathodi. Ni gramu ngapi za shaba zinapaswa kuganda?

Kwanza, geuza dakika ziwe sekunde: 40 × 60 = 2,400. Ampea moja ni kulombu moja kwa sekunde, wala si kwa dakika. Asiyegeuza hupata jibu dogo mara 60, na jibu hilo huonekana la kuaminika kwa sababu gramu za maabarani nazo ni ndogo. Vivyo hivyo, miliampea zigeuzwe kuwa ampea.

Pili, tafuta chaji: 0.50 A × 2,400 s = 1,200 C.

Tatu, tafuta moli za elektroni: 1,200 ÷ 96,500 = 0.01244. Hapa simama kidogo. Hizi ni moli za elektroni. Bado si moli za shaba. Andika maneno hayo, "moli za elektroni", mbele ya namba. Mwanafunzi anayeacha namba uchi bila jina lake huizidisha papo hapo kwa 63.5 na kupata shaba mara mbili ya ile inayowezekana.

Nne, tumia mlinganyo nusu. Elektroni 2 hutoa shaba 1, kwa hiyo moli za shaba ni 0.01244 ÷ 2 = 0.00622. Zidisha kwa 63.5, na unapata gramu 0.395.

Kwenye anodi ya kaboni, elektroni ni zilezile 0.01244, wala hazikuongezeka wala kupungua kwa kuvuka bika. Lakini oksijeni inadai 4 kwa kila molekuli, kwa hiyo moli zake ni 0.00311. Kwa ujazo wa moli wa lita 24 katika joto la kawaida la chumba, hiyo ni karibu sentimita za ujazo 75. Swali likitoa lita 22.4, tumia 22.4, utapata karibu 70. Usichague mwenyewe namba unayoipenda.

Usifanye: usidhani seli zilizofuatana hupata uzito sawa.

Unganisha bika la mrututu na bika la nitreti ya fedha kwenye mzunguko mmoja, moja baada ya jingine. Chaji inayopita ni ileile, 1,200 C kwa kila bika. Hilo ndilo linalofanana, na hakuna jingine. Kwenye fedha, elektroni 1 huleta atomu 1, kwa hiyo moli za fedha ni 0.01244, na kwa 108 unapata gramu 1.34. Shaba ni 0.395 tu.

Anayelinganisha kwa uzito wa atomu pekee, 108 kwa 63.5, anatarajia fedha iizidi shaba kwa chini ya mara mbili. Ukweli ni zaidi ya mara tatu, kwa sababu shaba inadai elektroni maradufu. Linganisha moli kwanza, gramu baadaye.

Fanya: andaa kathodi kana kwamba ndiyo mizani yenyewe.

Hesabu ya karatasini inasema 0.395. Sasa mizani ithibitishe, na hapa uzembe mdogo unameza jibu zima.

Sugua kipande cha shaba kwa msasa laini hadi king'ae, kioshe kwa maji yaliyosafishwa, kikaushe, kipime, na tangu hapo kishike kwenye ncha tu. Mafuta ya vidole yanazuia shaba kushika, na utando utakaokaa juu yake utabanduka wakati wa kuosha.

Pima eneo la kathodi linalozama. Kipande cha sentimita 5 kwa 4, kwa pande zote mbili, kina sentimita za mraba 40. Ampea 0.50 juu yake ni miliampea 12.5 kwa kila sentimita ya mraba, kiwango ambacho mrututu wa moli 0.5 kwa lita, wenye tindikali kidogo, unakimudu bila shida. Ukiongeza hadi ampea 2 ili umalize haraka, ioni za shaba hazitafika kwenye kathodi kwa kasi unayozitaka. Dalili zake ni wazi: utando unakuwa mweusi na wa unga badala ya kuwa wa waridi na mgumu, na viputo vinaanza. Unga huo utaanguka kwenye bika, na kile kitakachobaki kwenye mizani hakitakuwa na maana. Punguza mkondo, ongeza muda. Hakuna njia ya mkato.

Angalia pia akiba ya shaba. Katika sentimita za ujazo 100 za mmumunyo wa moli 0.5 kwa lita mna moli 0.05 za shaba. Jaribio letu linatumia 0.00622, karibu sehemu moja ya nane, na hilo linavumilika. Lakini ukitumia mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita, una moli 0.01 tu, na kabla dakika 40 hazijaisha umeondoa zaidi ya nusu yake. Kuelekea mwisho haidrojeni itaingia kwenye mashindano, na uzito utapungua chini ya hesabu. Kosa halipo kwa Faraday. Lipo kwa aliyechanganya mmumunyo.

Tena, usitumie msumari wa chuma kama kathodi ya kupimia. Chuma kikigusa mrututu hupakwa shaba hata swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu chuma kinayeyuka na kuisukuma shaba itoke. Utakuwa na shaba mbili juu ya msumari mmoja, ya umeme na isiyo ya umeme, na hutaweza kuzitenganisha. Tena utando huo wa haraka haushiki imara.

Mwishoni, toa kathodi wakati umeme bado unapita, au mara tu unapouzima. Ichovye taratibu kwenye maji yaliyosafishwa, kisha kwenye spiriti, uiache ikauke hewani. Usiifute kwa kitambaa. Usiikaushe juu ya mwali wa moto, kwa maana shaba ya moto hushika oksijeni, hugeuka nyeusi na kuongezeka uzito.

Usifanye: usiukubali uzito unaozidi hesabu.

Tuseme mizani ilisoma gramu 12.46 kabla na 12.83 baada. Shaba iliyoganda ni 0.37. Gawa kwa 0.395, unapata takriban asilimia 94. Hiyo ndiyo huitwa ufanisi wa mkondo: sehemu ya elektroni zilizofanya kazi uliyozituma. Lakini mizani inayosoma hadi gramu 0.01 inaweza kukosea gramu 0.02 katika tofauti ya vipimo viwili, yaani karibu asilimia 5 ya 0.37. Kwa hiyo usijenge hadithi ndefu juu ya asilimia 6 zilizopotea. Sehemu kubwa yake huenda ni mizani yenyewe.

Ukipata 0.45, hilo ni jambo jingine. Elektroni haziwezi kutengeneza shaba kuzidi idadi yao. Ama kathodi ilikuwa mbichi, ama imeshika oksidi, ama chumvi ya mrututu imenasa kwenye utando wa unga, ama ameta inasoma pungufu, ama mkondo ulipanda na hukuandika. Mkondo hautulii wenyewe; usome kila baada ya dakika chache na uurekebishe. Tafuta sababu, rudia jaribio, na usibadilishe namba kwenye daftari ili zikubaliane na hesabu. Huo ni wizi.

Kwa elektrodi mbili za shaba, pima na anodi pia. Ukikuta anodi imepungua gramu 0.41 na kathodi imeongezeka 0.37, usishangae na usizilazimishe zilingane. Shaba ya kawaida ina uchafu ndani yake, na vipande vidogo humeguka kutoka anodi na kuzama chini bila kutoa elektroni zozote. Kwa sababu hiyo, uzito wa kathodi ndio wa kutegemewa katika kulinganisha na hesabu.

Fanya: itumie hesabu hiyohiyo kwa tani.

Katika ukanda wa shaba wa Kongo, kuanzia Lubumbashi kupita Likasi hadi Kolwezi, bika letu limekuwa matangi marefu yenye mamia ya kathodi. Mawe yenye shaba huyeyushwa kwa tindikali ya salfuriki, mmumunyo husafishwa, kisha umeme hupitishwa. Anodi ni za risasi iliyochanganywa na metali nyingine, ambazo haziyeyuki, kwa hiyo kinachotoka kwenye anodi ni oksijeni, kama kwenye kaboni yetu. Tindikali inayozaliwa humo haitupwi. Inarudishwa kuyeyushia mawe mengine.

Tani moja ya shaba ni gramu 1,000,000. Gawa kwa 63.5, unapata moli 15,750 hivi. Zidisha kwa elektroni 2 na kwa 96,500, unapata kulombu bilioni 3.04, ambazo ni sawa na ampea-saa 844,000. Kwa volti 2 kwa kila seli, hiyo ni kilowati-saa 1,690 hivi, kama kila elektroni ingefanya kazi yake. Kwa ufanisi wa asilimia 90 inakuwa karibu 1,880. Zile asilimia 10 mara nyingi hupotelea kwenye chuma kilichobaki ndani ya mmumunyo: Fe³⁺ inakwapua elektroni kwenye kathodi na kuwa Fe²⁺, inasogea hadi anodi, inaitoa elektroni hiyo, na kurudi tena. Hakuna gramu hata moja ya shaba inayopatikana katika mzunguko huo, na umeme unalipiwa. Sehemu ya umeme wa ukanda huo husafiri takriban kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga.

Pale shaba chafu inapotumiwa kuwa anodi, kwa ajili ya kuisafisha, kazi inayofanyika ni kuihamisha tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Volti hushuka hadi karibu 0.3, na tani moja hugharimu kilowati-saa mia mbili na kitu hadi mia tatu. Ampea-saa ni zilezile 844,000; kilichobadilika ni kile kinachotokea kwenye anodi. Dhahabu na fedha zilizokuwemo haziyeyuki, huanguka chini kama tope na kukusanywa. Zinki, chuma na nikeli huyeyuka lakini hubaki kwenye mmumunyo, kwa sababu Cu²⁺ inazishinda kwenye kathodi.

Usifanye: usiunganishe bika na umeme wa ukutani, na usimwage mrututu.

Chanzo kiwe betri au kigeuzi cha volti chache chenye mkondo mnyoofu. Umeme wa ukutani hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kwanza hautakupa kathodi wala anodi, na pili unaua.

Mabaki ya mrututu yasiende kwenye karo. Ioni za shaba ni sumu kwa samaki hata zikiwa kidogo sana ndani ya maji. Mimina mabaki kwenye ndoo ya plastiki, tia misumari chakavu au sufi ya chuma, acha hadi buluu iishe kabisa, kisha chuja. Shaba nyekundu itakayobaki kwenye karatasi ya kuchujia ikaushwe na kuwekwa kwenye chupa yenye jina lake, na maji yaliyochujwa yapunguzwe ukali kwa magadi kabla ya kumwagwa. Mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kuondoka maabarani kabla kazi hiyo haijakamilika.